Manjano yasiyoisha na choo cheupe: mwongozo kwa mzazi na mhudumu wa kliniki, kuanzia siku ya 14 hadi chumba cha upasuaji

Nepi yenye choo cheupe usiitupe. Ifunge kwenye mfuko safi, ipige picha kwenye mwanga wa mchana, kisha nenda nayo kituo cha afya siku hiyo hiyo. Katika kazi yangu ya unesi kwenye kliniki ya watoto nimeona nepi moja ikimaliza kilichoshindikana kwa maelezo ya wiki mbili. Mama alikuwa akisema "choo chake si kizuri", akaulizwa kama mtoto anaharisha, akajibu hapana, na mazungumzo yakaishia hapo. Siku aliyokuja na nepi yenyewe, daktari aliitazama mara moja akaomba karatasi ya maabara.

Mwongozo huu unahusu ugonjwa mmoja tu: kuziba kwa mirija ya nyongo kwa mtoto mchanga. Hospitalini utasikia ukiitwa biliari atresia. Ni ugonjwa adimu. Ulaya humpata mtoto mmoja kati ya 15,000 hadi 20,000 hivi, na Taiwani kiwango ni zaidi ya mara mbili ya hicho. Nesi anaweza kufanya kazi miaka mingi akakutana na mtoto mmoja au wawili, na hapo ndipo penye mtego. Watoto wenye manjano tunawaona kila wiki, karibu wote hupona wenyewe, kwa hiyo mdomo umezoea kusema "yataisha tu, mama". Mtoto mwenye mirija iliyoziba anaingia katika foleni hiyo hiyo, ananyonya vizuri, anaongezeka uzito, analia kwa nguvu. Hafanani na mgonjwa.

Kwanza, nyongo hupita wapi

Ukielewa jambo hili moja, hatua zote zinazofuata zitakuwa rahisi. Chembe nyekundu za damu zinapozeeka huvunjwa, na katika mabaki yake hutoka rangi ya njano iitwayo bilirubini. Inapotoka huko ni ghafi, haiyeyuki kwenye maji, na haiwezi kutoka kwa mkojo. Ini huichukua na kuipika, yaani huibadilisha iwe ya kuyeyuka, kisha huimwaga ndani ya nyongo. Nyongo hushuka kwa mirija hadi kwenye utumbo, na rangi hiyo ndiyo inayokipa choo unjano, ukijani au ukahawia wake.

Mtoto mchanga wa kawaida hupata manjano kwa sababu ini lake bado ni jipya katika kazi ya kupika, basi bilirubini ghafi hujaa kwenye damu. Manjano yanayoendelea kwa wiki kadhaa kwa mtoto anayenyonya vizuri nayo mara nyingi ni ya bilirubini ghafi. Kwa kuwa haiwezi kupita kwenye mkojo, mkojo wake unabaki mweupe kama maji. Na kwa kuwa mirija iko wazi, choo chake kinabaki cha njano ya haradali.

Kwa mtoto ambaye mirija imeziba, ini limepika vizuri lakini halina pa kumwagia. Bilirubini iliyopikwa hurudi kwenye damu. Hii inayeyuka, basi figo huitoa, na mkojo unakuwa na rangi kama chai ya rangi. Utumboni hakishuki kitu, na choo kinapoteza rangi. Kwa hiyo swali la kumuuliza mama si "mtoto ni wa njano kiasi gani?" Manjano ya mtoto huyu yanaweza kuwa ya wastani tu, hata hafifu kuliko ya jirani yake aliye mzima. Swali ni aina gani ya bilirubini imejaa, na jibu la kwanza limo ndani ya nepi.

Hatua ya kwanza: hesabu siku, usihesabu "wiki kama mbili tatu hivi"

Andika tarehe ya kuzaliwa na uhesabu. Mtoto aliyetimiza miezi yake akifikisha siku 14 na bado macho ni ya njano, anahitaji kipimo cha damu. Kwa aliyezaliwa njiti, wengi hungoja hadi siku 21. Choo kikiwa cheupe au mkojo ukiwa mweusi-mweusi, kipimo hakingoji siku yoyote kati ya hizo.

Kwa ngozi zetu, kutazama mashavu hakusaidii. Mtoe mtoto nje au karibu na dirisha, mbali na taa ya umeme na pazia la rangi, utazame weupe wa macho. Kisha bonyeza ufizi kwa kidole safi na uachie. Kabla damu haijarudi utaona kama pale palipobonyezwa ni peupe au pa njano.

Kuna desturi ya kumwanika mtoto juani asubuhi. Mwanga hufanya kazi kwenye bilirubini ghafi peke yake. Ile iliyopikwa haiguswi na jua la asubuhi wala na taa za buluu za hospitali. Tena mtoto wa aina hii akiwekwa chini ya taa hizo ngozi yake inaweza kugeuka rangi ya shaba. Kwa hiyo mtoto aliyepita siku 14, aliyeambiwa "endelea kumwanika" bila kupimwa damu, amepotezewa muda. Mimi mwenyewe niliwahi kulisema neno hilo miaka yangu ya kwanza kazini, na silisemi tena. Maji ya glukosi na dawa za mitishamba nazo hazifungui mrija uliogeuka kovu.

Hatua ya pili: kisome choo

Kinyesi cha kwanza kabisa, kile cheusi cha kunata, huwa cha kawaida hata kwa mtoto mwenye ugonjwa huu. Usikihesabu. Hata choo cha wiki ya kwanza na ya pili kinaweza kuwa na rangi, kwa sababu kwa watoto wengi mirija huendelea kuziba kidogo kidogo baada ya kuzaliwa. Ndiyo maana mama atakwambia, na atakuwa anasema kweli: "Mbona mwanzo kilikuwa cha njano?" Choo kilichokuwa na rangi kikaanza kufifia ni dalili yenye uzito, kwa maana kinakuonyesha mlango unaofungwa.

Rangi salama ni njano iliyokoza, kijani cha aina yoyote, na kahawia. Choo cha kijani huwatisha sana mama zetu, lakini kijani ni nyongo. Kwa ugonjwa huu ni habari njema. Rangi za hatari ni nyeupe kama chokaa, kijivu kama udongo wa mfinyanzi mkavu, na ile inayosumbua kuliko zote: krimu hafifu, kama chai iliyotiwa maziwa mengi mno. Hiyo ya mwisho ndiyo hupita bila kuonwa, kwa kuwa mtu anangojea weupe wa karatasi.

Kipasue choo kwa kijiti utazame ndani. Utando wa utumbo wa mtoto mwenye manjano nao una rangi, na chembe zake zikibanduka hupaka choo unjano kwa nje. Mkojo wa njano ukilowanisha pampasi nao hufanya vivyo hivyo. Nje utaona njano, ndani ni cheupe. Kinachohesabika ni cha ndani.

Mkojo wa mtoto anayenyonya maziwa ya mama unapaswa usiache alama ya rangi kwenye kitambaa cheupe. Mfunge kitambaa cha pamba cheupe kwa nusu siku. Kikiacha doa la njano iliyokoza ambalo halitoki kwa kusuuza, liseme kliniki, hata kama choo bado kina rangi kidogo.

Japani walilifanya jambo hili kuwa rahisi kwa kuchapisha kadi yenye picha za rangi za choo. Ilianza katika mkoa wa Tochigi miaka ya 1990, Taiwani wakaieneza nchi nzima mwaka 2004, na tangu 2012 imo ndani ya daftari la mama na mtoto la Japani, ambalo kila mjamzito hupewa. Faida ya kadi ni kwamba mama hahitaji neno la kuelezea rangi. Anaweka nepi kando ya picha na kusoma namba. Kama kituo chako hakina kadi ya namna hiyo, picha ya simu iliyopigwa mchana, nepi ikiwa imewekwa juu ya karatasi nyeupe, inatosha kumwonyesha daktari. Piga ya leo, ya kesho na ya keshokutwa, lakini usingoje ya tatu ndipo uondoke nyumbani.

Hatua ya tatu: kipimo kimoja, kisomwe kwa namba mbili

Omba bilirubini ya jumla na ile iliyopikwa, zote mbili. Kwenye karatasi ya majibu mara nyingi zitaandikwa T-BIL na D-BIL. Maabara nyingi hutoa ya jumla peke yake usipotaja ya pili, na ya jumla peke yake haitofautishi mtoto wa kurudi nyumbani na mtoto wa kukimbizwa. Mzazi, hapa unaruhusiwa kuwa king'ang'anizi kwa heshima: "Daktari, naomba na ile D-BIL ipimwe."

D-BIL ikizidi 17 µmol/L, au 1 mg/dL kwa maabara zinazotumia kipimo hicho, si ya kawaida kwa mtoto mchanga. Kuna waliojifunza zamani kutazama asilimia tu, kwamba iliyopikwa izidi moja ya tano ya jumla. Kwa mtoto mchanga kanuni hiyo inaweza kumpitisha mgonjwa pale ambapo jumla iko juu. Tazama namba yenyewe.

Namba hiyo haisemi kwamba ni mirija iliyoziba. Inasema ini au mirija ina shida. Inaweza kuwa maambukizi ya mkojo, maambukizi ya damu, kaswende aliyorithi kwa mama, upungufu wa homoni ya tezi, uvimbe wa mrija wa nyongo, au magonjwa ya kurithi ya ini. Baadhi ya hayo yanatibika kwa dawa, na yanatakiwa kushughulikiwa haraka vilevile. Kwa hiyo hakuna tafsiri ya D-BIL iliyopanda inayoruhusu maneno "mrudishe baada ya mwezi".

Hatua ya nne: rufaa, na sindano kabla ya safari

Mtoto aende hospitali yenye daktari bingwa wa upasuaji wa watoto. Kwa sehemu kubwa ya Afrika Mashariki maana yake ni hospitali ya kanda, ya taifa au ya chuo kikuu. Barua ya rufaa iandike umri kwa siku, siyo kwa mwezi. "Mtoto wa siku 31, choo cheupe tangu siku ya 22, D-BIL 96" ni sentensi inayofungua milango. "Manjano, kwa uchunguzi zaidi" inampeleka kwenye foleni ya Alhamisi ijayo.

Kabla hajaondoka achomwe vitamini K. Vitamini hii huyeyuka kwenye mafuta, na bila nyongo utumbo hauwezi kufyonza mafuta vizuri. Vitamini K ikipungua, damu haigandi. Kuna watoto ambao dalili yao ya kwanza kutiliwa maanani haikuwa manjano bali kitovu kilichotoka damu upya, alama za kuvilia, au degedege na utosi uliovimba kutokana na damu iliyovujia kwenye ubongo. Sindano ni ya bei ndogo na ipo karibu kila mahali pa kuzalia. Hata kama alichomwa siku aliyozaliwa, mwambie daktari kuhusu manjano, kwa sababu mtoto wa namna hii anahitaji tena.

Usimwachishe kunyonya. Watu wakisikia "manjano ya maziwa" huwa na pupa ya kuzuia ziwa kwa siku mbili tatu ili "kuona". Kwa mtoto mwenye choo cheupe, jaribio hilo halionyeshi kitu, na siku tatu zimekwenda.

Kinachofanyika hospitali ya rufaa

Utaombwa usimnyonyeshe mtoto kwa saa nne hivi kabla ya ultrasaundi. Sababu ni kwamba mfuko wa nyongo hujaa mtoto akiwa na njaa na kunywea anaponyonya. Ukimnyonyesha, hata mfuko mzima utaonekana kama haupo. Mpimaji hutafuta mfuko ulio mdogo mno au usioonekana, na kipande cha kovu chenye umbo la pembetatu pale mirija inapotokea kwenye ini. Lakini tahadhari: ultrasaundi isiyo na kasoro haiufuti ugonjwa huu. Karatasi iliyoandikwa "ini la kawaida" ilhali nepi ni nyeupe, unaiamini nepi.

Damu itapimwa kuganda kwake (utaona INR), vimeng'enya vya ini, na kile kiitwacho GGT, ambacho kwa ugonjwa huu kwa kawaida kiko juu sana. Huenda kikachukuliwa kipande kidogo cha ini kwa sindano. Mahali penye mashine ya nyuklia kuna kipimo cha kuona kama dawa yenye mionzi kidogo inashuka utumboni. Ikishuka, mirija haijaziba. Kipimo hicho mara nyingi hutanguliwa na dawa ya kumeza kwa siku tano, na foleni yake juu. Kama mtoto ana siku 50, nisingeona ubaya kwa mzazi kuuliza: tukiruka hiki, tunakosa nini? Kwa maana jibu la mwisho hutolewa chumba cha upasuaji, ambapo daktari hudunga rangi kwenye mfuko wa nyongo na kupiga eksirei. Rangi ikishuka hadi utumboni na kupanda hadi ndani ya ini, mtoto hufungwa na kurudishwa wodini. Isipopita, upasuaji unaendelea pale pale.

Upasuaji wa Kasai

Unaitwa hivyo kwa jina la Morio Kasai, daktari wa upasuaji wa Chuo Kikuu cha Tohoku mjini Sendai, Japani, aliyeufanya kwa mara ya kwanza mwaka 1955 na kuuandika kwa Kijapani mwaka 1959. Kabla yake, mtoto ambaye mirija yake ya nje ilikuwa kovu tupu alifunguliwa tumbo na kufungwa. Hakukuwa na mrija wa kushona. Kasai aliona kwamba hata pale mirija mikubwa imekufa, kwenye lango la ini hubaki mirija midogo mno isiyoonekana kwa macho, na ikikatwa vizuri na kuwekewa utumbo juu yake, nyongo inaweza kuchuruzika.

Ndicho kinachofanywa hadi leo. Daktari huondoa mfuko wa nyongo pamoja na kamba ya kovu iliyochukua nafasi ya mirija, akikata hadi kwenye uso wa ini. Kisha huchukua utumbo mwembamba, huukata, huupandisha mkono mmoja wa sentimita 40 hivi hadi kwenye lango la ini, na kuushona kuzunguka mahali alipokata. Mkono huo hufanywa mrefu ili chakula na vijidudu visipande kwa urahisi kuelekea kwenye ini.

Sasa utaona kwa nini tunagombania siku. Upasuaji huu hauumbi mirija mipya. Unategemea ile midogo iliyobaki. Kila wiki inayopita uvimbe na kovu huifunga zaidi, na nyongo iliyokwama inaliunguza ini kwa ndani hadi liwe gumu. Mtoto akifanyiwa kabla ya siku 60, nyongo hutiririka kwa hadi watoto saba kati ya kumi katika vituo vyenye uzoefu. Baada ya siku 90 hushuka hadi kama robo. Siku ya 60 si ukuta. Siku ya 40 ni bora kuliko ya 59, na mtoto wa siku 75 bado ni wa kukimbizwa. Asiyepata upasuaji wala ini jipya, wengi hufariki kabla ya kutimiza miaka miwili.

Mtoto mmoja, kalenda mbili

Tuchukue mtoto wa mfano. Ni wa kike, amezaliwa wiki ya 39 kituo cha afya cha wilaya, kilo 3.1. Siku ya tatu ana manjano, jambo la kawaida. Siku ya 14 mama anakuja kliniki, mtoto ana kilo 3.4, macho bado ya njano. Nesi anaandika "ananyonya vizuri" na kumwambia aendelee kumwanika. Hajauliza choo.

Siku ya 22 bibi yake, anayefua nepi, anasema: "Mwanangu, mbona nepi za huyu hazishiki rangi? Zako wewe nilikuwa nazisugua mpaka vidole vinauma." Anaona pia kwamba maji ya kusuuzia nepi za mkojo yanatoka ya njano. Wanafika hospitali ya wilaya siku ya 24. Tabibu anakipasua choo, anakiona cheupe ndani, anaagiza T-BIL na D-BIL. Majibu: 148 na 96. Anachomwa vitamini K, barua inaandikwa, na siku ya 27 yuko hospitali ya kanda. INR ni 1.9, anachomwa tena, siku mbili baadaye ni 1.1, salama kwa kisu. Ultrasaundi ya siku ya 29 haioni mfuko wa nyongo. Kaswende hana, mkojo ni safi, tezi ni nzima. Kipande cha ini kinachukuliwa siku ya 31, majibu ya siku ya 37 yanaelekeza kwenye mirija iliyoziba. Chumba cha upasuaji kinapatikana siku ya 43.

Kalenda ya pili ni ya mtoto yule yule, ila bibi yuko kijijini na mama ametulizwa na kauli ya kliniki. Anangoja chanjo ya wiki sita. Siku ya 42 mchanjaji anaona macho ya njano na kumtuma maabara, inayotoa T-BIL peke yake: 160. Anaambiwa arudi baada ya wiki mbili. Siku ya 56 jibu ni lile lile, na sasa ndipo D-BIL inapoombwa. Ongeza siku zile zile 19 za safari, vipimo na foleni zilizotumika katika kalenda ya kwanza kuanzia kliniki hadi kisu, unafika siku ya 75. Hakuna aliyekuwa mzembe kupindukia. Siku 32 zimeundwa na swali moja lisiloulizwa na herufi nne zisizoandikwa kwenye fomu ya maabara.

Ndiyo sababu kwa mhudumu ningeweka kanuni hii: kwenye hudhurio la siku 14, na tena kwenye chanjo ya wiki sita kama wavu wa mwisho, kila mama aombwe afungue nepi au aonyeshe picha. Haichukui dakika moja.

Baada ya upasuaji

Angalia tena nepi. Choo kikipata njano au kijani katika siku na wiki za mwanzo, nyongo inashuka. Kipimo kinachotazamwa sana ni bilirubini ya jumla ya mwezi wa tatu baada ya upasuaji: ikiwa chini ya 34 µmol/L, mtoto ana nafasi nzuri ya kuishi miaka mingi na ini lake mwenyewe. Ikibaki juu, mazungumzo ya kupandikiza ini yaanze mapema, kabla hajadhoofu.

Adui mkubwa wa miaka miwili ya kwanza ni maambukizi ya njia mpya ya nyongo, kwa kuwa utumbo wenye vijidudu sasa umeshonwa moja kwa moja kwenye ini. Joto likizidi nyuzi 38, au manjano yakirudi, au choo kikififia, mtoto huyu hapewi parasetamoli na kungojwa kesho. Anarudi hospitali siku hiyo kuwekewa antibayotiki kwa mshipa. Mama atembee na karatasi inayoeleza upasuaji uliofanyika, maana daktari wa zamu usiku ataona tu "homa" na kuanza na malaria. Apime malaria, sawa, lakini antibayotiki isingoje.

Atahitaji vitamini A, D, E na K kila siku, na chakula chenye nguvu kuliko cha mtoto wa rika lake, kwa sababu mafuta mengi yanapita bila kufyonzwa. Mizani pekee inadanganya: maji yakijaa tumboni, kilo zinapanda huku nyama inaisha. Pima mzunguko wa mkono wa juu kila mwezi na uuandike kwenye kadi. Chanjo zote ziendelee kwa ratiba. Akitapika damu au choo kikiwa cheusi kama lami, ni mishipa ya koo la chakula imepasuka kwa shinikizo la ini gumu, na hiyo ni dharura ya saa ile ile.

Hata Kasai uliofanikiwa si tiba ya kudumu kwa wengi. Kovu ndani ya ini huendelea polepole, na karibu nusu ya watoto, hata zaidi, huhitaji ini jipya kabla ya utu uzima. Ini hilo linaweza kutoka kwa mzazi: hukatwa kipande cha upande wa kushoto, na ini la mtoaji hukua tena kuziba pengo. Familia nyingi za Afrika Mashariki huifuata huduma hiyo India, na maandalizi ya fedha, pasipoti na vipimo vya mtoaji huchukua miezi. Familia ambayo mtoto wake ana miaka sita na ini la Kasai linalojikongoja inayo miezi hiyo. Familia ambayo mtoto ana miezi minane, tumbo limejaa maji na hakufanyiwa chochote, haina.

Wazazi huniuliza kama mama alikula nini, au kama mtoto anayefuata naye atazaliwa hivi. Chakula cha mama hakihusiki. Ugonjwa huu kwa kawaida haurithiwi, na ndugu zake karibu wote huzaliwa wazima. Hata hivyo, mama mmoja niliyemhudumia alipojifungua mtoto wa pili alikuja siku ya sita, akafungua kanga, akanitolea nepi nne zilizopangwa kwa tarehe. Zote zilikuwa za njano ya haradali. "Nilitaka tu uzione, sista," akasema, akazikunja akarudi nazo kwao.